Uzito wa Leo Ndio Unaoamua: Namna ya Kumpa Mtoto Vidonge vya Kifua Kikuu Vinavyoyeyuka Kwenye Maji

Kata ya Songambele ipo wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, katika wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012 na inayopakana na nchi za Uganda na Rwanda. Kama ilivyo katika vijiji vingi nchini, mtoto wa Songambele anayegundulika kuwa na kifua kikuu halazwi hospitalini kwa miezi yote ya matibabu. Hupewa dawa bila malipo, akarudi nyumbani, na kuanzia siku hiyo mtu anayemtibu kila asubuhi ni mama, baba, bibi au dada yake mkubwa. Vifaa vyake ni vitatu tu: kikombe, maji safi na pakiti ya vidonge.

Vidonge hivyo vimetengenezwa mahsusi kwa ajili ya watoto. Huyeyuka kwenye maji, vina ladha ya tunda, na kila kimoja kimebeba dawa zaidi ya moja. Hata hivyo, urahisi wake unaweza kumdanganya mlezi. Idadi ya vidonge haifuati umri wa mtoto, wala haibaki ileile kuanzia mwanzo hadi mwisho wa matibabu. Hufuata uzito wa mtoto kama ulivyo siku anayopimwa. Makala haya yanaeleza njia nzima, kutoka kwenye mizani hadi kwenye kikombe na kurudi tena kwenye mizani, kwa kumfuata mtoto mmoja wa mfano.

Kilichomo ndani ya kidonge

Katika awamu ya kwanza ya matibabu, ambayo huchukua miezi miwili, mtoto hupewa kidonge ambacho boksi lake huandikwa RHZ 75/50/150. Herufi hizo ni dawa tatu: rifampisini miligramu 75, isoniazidi miligramu 50 na pirazinamidi miligramu 150. Pale mtaalamu anapoona inafaa, huongeza kidonge kingine cha pekee chenye dawa ya nne, ethambutoli miligramu 100. Idadi ya vidonge vya ethambutoli huwa sawa na ile ya RHZ, yaani kimoja kwa kimoja au viwili kwa viwili.

Awamu ya kwanza ikiisha, pirazinamidi na ethambutoli huondolewa. Mtoto huendelea na kidonge kilichoandikwa RH 75/50, ambacho kina rifampisini na isoniazidi pekee. Mara nyingi awamu hii ya pili huchukua miezi minne, ingawa muda kamili huamuliwa na mtaalamu kwa kuzingatia ukubwa wa ugonjwa na mahali ulipo mwilini. Kifua kikuu kilichofika kwenye ubongo, kwa mfano, hutibiwa kwa muda mrefu zaidi.

Vidonge hivi si vya siku nyingi. Vilitangazwa mwezi Desemba 2015 katika mkutano wa kimataifa wa afya ya mapafu uliofanyika Cape Town, Afrika Kusini, na mwaka uliofuata Kenya ikawa nchi ya kwanza kuvisambaza kote nchini. Kabla ya hapo, mzazi alilazimika kukata au kusaga vidonge vichungu na kukadiria kiasi kwa macho.

Wapo wanaojiuliza kwa nini mtoto asipewe nusu ya kidonge cha mtu mzima. Jibu limo katika hesabu. Kidonge cha mtu mzima kina rifampisini miligramu 150, isoniazidi 75, pirazinamidi 400 na ethambutoli 275. Ukikigawa katikati, na hata kama kitakatika sawasawa, mtoto atapata rifampisini 75 kama inavyotakiwa, lakini isoniazidi itakuwa miligramu 37.5 badala ya 50, na pirazinamidi itakuwa 200 badala ya 150. Dawa moja imepungua kwa robo na nyingine imezidi kwa theluthi. Mwili wa mtoto mdogo huondoa isoniazidi haraka kuliko mwili wa mtu mzima, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani lilipandisha kipimo cha watoto mwaka 2010. Kwa hiyo kidonge cha mtoto kina uwiano wake mwenyewe, ambao hauwezi kupatikana kwa kukata kidonge cha mtu mzima.

Makundi manne ya uzito

Ili mhudumu wa zahanati asilazimike kupiga hesabu ya kila dawa kwa kila mtoto, watoto wamepangwa katika makundi manne. Mwenye kilo 4 hadi 7 hupewa kidonge kimoja kwa siku. Mwenye kilo 8 hadi 11 hupewa viwili. Mwenye kilo 12 hadi 15 hupewa vitatu, na mwenye kilo 16 hadi 24 hupewa vinne. Akifikisha kilo 25, mtoto huhamia kwenye vidonge vya watu wazima kwa mpangilio wa watu wazima. Kichanga asiyefika kilo 4 hahesabiwi katika makundi haya. Kipimo chake hupangwa na mtaalamu, na mlezi hapaswi kukikisia nyumbani.

Makundi haya yanatumika katika awamu zote mbili. Mtoto anayetumia vidonge viwili vya RHZ, akiingia awamu ya pili akiwa katika kundi lilelile, atatumia vidonge viwili vya RH.

Jambo linalowachanganya wengi ni maana ya namba ya mwisho ya kila kundi. Kundi la kilo 4 hadi 7 linamchukua mtoto mpaka kabla hajafikisha kilo 8 kamili. Mwenye kilo 7.9 bado ni wa kidonge kimoja, na mwenye kilo 8.0 ni wa viwili. Uzito haukadiriwi kwenda juu wala chini.

Hapa ndipo mizani inapobeba dhamana kubwa. Rifampisini inatakiwa iwe kati ya miligramu 10 na 20 kwa kila kilo ya uzito wa mtoto. Mtoto wa kilo 4 anayemeza kidonge kimoja anapata karibu miligramu 19 kwa kilo. Mtoto wa kilo 7.9 anayemeza kidonge hichohicho anapata karibu miligramu 9.5. Wote wawili wamepewa dawa kwa mujibu wa jedwali, lakini yule mkubwa amefika ukingoni, na dawa yake ni nyembamba mwilini. Mtoto aliye karibu na mwisho wa kundi ndiye anayehitaji kupimwa upya kwa ukaribu zaidi kuliko wote, kwa kuwa nusu kilo tu inaweza kubadilisha kipimo chake maradufu.

Mtoto wetu wa mfano

Tuchukue mtoto wa kike wa umri wa miezi 14 anayelelewa na bibi yake. Babu yake, wanayeishi naye nyumba moja, amegundulika kuwa na kifua kikuu cha mapafu. Mtoto amekohoa kwa wiki tatu, ana homa za jioni, na mstari wa uzito kwenye kadi yake ya kliniki umelala badala ya kupanda. Baada ya uchunguzi, mtaalamu anaamua aanze matibabu.

Siku ya kwanza anapimwa bila viatu, bila sweta na bila nepi. Mizani ya kuning'iniza hurudishwa kwenye sifuri kwanza, huku kaptula ya kupimia ikiwa imetundikwa tupu. Anapatikana na kilo 7.4. Lau angepimwa na nguo zake zote na khanga aliyofungiwa, mizani ingeweza kusoma kilo 8, naye angepewa vidonge viwili asivyostahili. Gramu mia chache za nguo zina uzito mkubwa panapokuwa na mpaka wa kundi.

Kwa kilo 7.4, mtoto anaandikiwa kidonge kimoja cha RHZ na kimoja cha ethambutoli kila siku. Rifampisini anayopata ni karibu miligramu 10 kwa kilo. Yumo ndani ya kiwango, lakini kwa unyenyekevu. Muuguzi anaandika kwenye kadi ya matibabu uzito, tarehe na idadi ya vidonge, kisha anamwonyesha bibi namna ya kuandaa dawa kwa kuiandaa hapohapo mbele yake.

Kikombe, maji na dakika 10

Maji yanayotumika ni ya kunywa, yaliyochemshwa na kuachwa yapoe kabisa. Kiasi chake ni mililita 50. Kwa kuwa vijiko vya nyumbani havilingani, njia iliyo salama ni kupima mara moja tu: muuguzi anavuta maji kwa sirinji ya mililita 10 isiyo na sindano, anayamimina mara tano katika kikombe kidogo ambacho bibi amekuja nacho, kisha anaweka alama pale maji yalipofika. Kuanzia siku hiyo bibi hahitaji kupima tena. Anajaza maji hadi kwenye alama.

Kidonge hutolewa kwenye karatasi yake wakati kikombe kiko tayari, si kabla. Kwa kuwa kimetengenezwa ili kiyeyuke upesi, unyevunyevu wa hewa au wa mkono huanza kukiharibu mara kinapofunguliwa. Kwa sababu hiyohiyo pakiti haiwekwi karibu na mtungi wa maji, juani, wala juu ya jiko, bali mahali pakavu ambapo mtoto hapafikii.

Kidonge kikiingia majini, huachwa kidogo na kukorogwa taratibu kwa kijiko safi hadi kisionekane kipande. Maji hayawi maangavu kama ya sukari. Hubaki na ukungu wenye rangi, kwa kuwa sehemu ya dawa inaelea bila kuyeyuka kabisa. Hili ni jambo la kawaida, lakini lina matokeo yake: kikombe kikiachwa mezani, dawa hutuama chini. Mtoto atakunywa maji ya juu na kuacha dawa kwenye kitako. Kwa hiyo hukorogwa tena kabla ya kila mkupuo.

Dawa hiyo inapaswa inywewe yote ndani ya dakika 10 tangu ilipochanganywa. Haiandaliwi usiku kwa ajili ya asubuhi, wala kinachobaki hakihifadhiwi kwa ajili ya mchana. Kiasi kilichozidi dakika hizo hakihesabiki kuwa dozi inayoaminika.

Mtoto akimaliza, kazi bado haijaisha. Bibi anaongeza maji kidogo, kama vijiko viwili vya chai, anayazungusha ndani ya kikombe ili yachukue chembe zilizonata pembeni, kisha anampa mtoto anywe. Suuza hiyo ni sehemu ya dozi. Atakayeitupa kila siku atakuwa anampunguzia mtoto dawa kila siku, wakati kadi inaonyesha kuwa kipimo kimekamilika.

Mtoto mdogo anaweza kushindwa kumaliza mililita 50. Hilo likitokea, mlezi asipunguze vidonge, bali arudi kwa mtoa huduma, ambaye anaweza kuelekeza dawa ileile ichanganywe katika maji machache zaidi. Maji yanaweza kupungua kwa ushauri, lakini dawa haipungui.

Ladha

Kidonge cha RHZ kimetiwa utamu na ladha ya tunda, lakini utamu huo haufuti uchungu wote. Rifampisini na isoniazidi ni chungu kwa asili, na ethambutoli ikiongezwa, uchungu hubaki ulimini baada ya kumeza. Mlezi aonje tone moja, ajue anachomwomba mtoto akubali.

Wakati unaofaa ni asubuhi kabla ya kula, au walau saa mbili baada ya chakula, kisha mtoto angoje kama saa moja ndipo ale. Chakula tumboni hupunguza kiasi cha rifampisini na isoniazidi kinachoingia kwenye damu. Kwa mtoto anayenyonya, dawa hutolewa katikati ya vipindi vya kunyonya, kadiri inavyowezekana. Kama tumbo tupu linamletea kichefuchefu kila siku, mtoa huduma anaweza kuruhusu chakula chepesi, kwa kuwa dawa iliyobaki tumboni ni bora kuliko iliyotapikwa.

Mtoto huketishwa wima mapajani. Halazwi chali na wala habanwi pua, kwa sababu anayelia na kubanwa anaweza kuvuta dawa mapafuni. Akikataa kikombe, sirinji isiyo na sindano hupitishwa pembeni mwa mdomo, ikielekea ndani ya shavu, na dawa husukumwa kidogo kidogo huku akipewa nafasi ya kumeza. Kuweka dawa shavuni badala ya katikati ya ulimi hupunguza uchungu anaousikia. Dawa ikimwagwa haraka katikati ya koo humfanya akwame na kutapika. Mwishoni hupewa suuza ya kikombe, kisha maji safi kidogo ya kuondoa ladha.

Kishawishi kikubwa ni kuificha dawa ndani ya bakuli la uji, maziwa au juisi ya ndizi. Bibi wa mfano wetu alijaribu siku ya nne. Mtoto alikula nusu ya uji kisha akasukuma bakuli. Kuanzia hapo hakuna aliyeweza kujua ni kiasi gani cha dawa kilichoingia na ni kiasi gani kilichobaki, na hapakuwa na njia ya kurekebisha: kumpa kidonge kingine kungeweza kumzidishia, na kutompa kungemwacha na upungufu. Zaidi ya hayo, mtoto akishazoea kwamba uji ni mchungu, anaweza kuukataa hata usio na dawa, ilhali anauhitaji ili aongeze uzito. Siku iliyofuata bibi alirejea kwenye kikombe.

Kosa jingine ni kumwambia mtoto mkubwa kidogo kwamba kidonge ni peremende. Kina harufu nzuri na rangi ya kuvutia, na mtoto aliyeambiwa hivyo anaweza kuitafuta pakiti mwenyewe. Isoniazidi ikizidi sana husababisha degedege. Ni heri mtoto aambiwe ukweli kwa maneno mafupi: hii ni dawa, ni chungu kidogo, utaimeza kisha utakunywa maji.

Mtoto akitapika ndani ya nusu saa tangu ameze, maelekezo ya kawaida ni kurudia dozi nzima mara moja. Akitapika baada ya hapo, dozi hairudiwi siku hiyo. Kutapika kunakojirudia kila siku si tatizo la ladha tena. Mtoto apelekwe kituoni. Na ikiwa dozi imesahaulika asubuhi, apewe siku hiyohiyo inapokumbukwa, lakini kesho yake asipewe mbili kwa mpigo.

Kurudi kwenye mizani

Baada ya wiki mbili mtoto wetu anarudishwa kituoni. Homa imekoma, na mizani inasoma kilo 7.6. Idadi ya vidonge haibadiliki. Bibi anaeleza kwa wasiwasi kwamba mkojo wa mtoto umekuwa wa rangi ya chungwa na umetia doa kwenye nepi. Muuguzi anamtuliza: hiyo ni rangi ya rifampisini ikitoka mwilini, haina madhara, na inaweza kuonekana hata kwenye machozi na jasho. Ishara ya hatari ni nyingine: macho yakigeuka manjano, au mtoto akaendelea kutapika na kukosa kabisa hamu ya kula, dawa isimamishwe na apelekwe kituoni siku hiyohiyo, kwa kuwa huenda ini limeathirika.

Mwisho wa mwezi wa kwanza anapimwa tena. Safari hii mizani inasoma kilo 8.1. Muuguzi anahakikisha kwa kumpima mara ya pili, kisha anafuta namba ya zamani kwenye kadi na kuandika mpya.

"Shikamoo bibi. Kuanzia kesho atakunywa vidonge viwili vya RHZ na viwili vya ethambutoli, kwenye kikombe kilekile na maji hadi alama ileile."

"Marahaba mwanangu. Mbona dawa inaongezwa? Kwani ugonjwa umezidi?"

"Hapana bibi, ugonjwa unarudi nyuma. Kilichozidi ni mtoto. Amekua, na dawa lazima ikue pamoja naye."

Wasiwasi wa bibi una msingi, na ukiachwa bila kujibiwa huleta kosa lililo gumu kuonekana: mlezi anapokea vidonge vingi zaidi, anaona mtoto amechangamka, na kwa huruma anaendelea kumpa kimoja kama alivyozoea. Hesabu inaonyesha matokeo yake. Kwa kilo 8.1, kidonge kimoja kinampa rifampisini miligramu 9.3 kwa kilo, chini ya kiwango kinachotakiwa, na kila gramu anayoongeza inaishusha zaidi. Vidonge viwili vinampa miligramu 18.5, ndani ya kiwango. Mtoto anayeachwa na kidonge kimoja haonyeshi dalili yoyote siku hiyo wala wiki hiyo. Anaendelea kucheza, ila vimelea vilivyobaki vinapigwa na dawa hafifu, na ugonjwa unaweza kurudi baadaye.

Dalili ya kosa hilo hupatikana kwenye pakiti. Mtoto wa vidonge viwili aliyepewa dawa za siku 14 anapaswa kurudi akiwa amemaliza vidonge 28 vya RHZ. Akirudi na 14, maana yake alikuwa akipewa kimoja. Ndiyo maana mlezi huombwa kuja na pakiti zote kila anapohudhuria, zilizokwisha na zisizokwisha.

Kupanda kwa idadi ya vidonge huleta pia ugumu wa ladha. Vidonge viwili vya RHZ na viwili vya ethambutoli katika maji yaleyale ya mililita 50 ni vikali kuliko vya mwanzo, na mtoto aliyekuwa amezoea anaweza kukataa upya. Bibi akijua hilo mapema, atairudia sirinji kwa siku chache badala ya kudhani dawa imeharibika.

Mwisho wa mwezi wa pili yanatokea mabadiliko mengine. Mtoto ana kilo 8.6, anabaki katika vidonge viwili, lakini sasa ni vya RH, na ethambutoli imeondolewa. Maboksi ya RHZ na RH yanaweza kufanana sana. Muuguzi anachukua masalio yote ya RHZ, na kumwonyesha bibi herufi moja inayotofautisha: dawa ya sasa haina Z. Pakiti mbili zinazofanana zikibaki kwenye kabati moja, ni rahisi mjukuu mkubwa atakayempa mdogo wake dawa asubuhi kuchukua isiyo sahihi.

Mizani isipopanda

Mfano wetu umemfuata mtoto anayeongezeka. Yupo pia anayebaki palepale, au anayeshuka. Akishuka na kuvuka mpaka wa kundi, idadi ya vidonge hushuka pia, kwa kanuni ileile ya uzito wa leo. Lakini kupungua huko kusichukuliwe kuwa ni jambo la kubadilisha namba pekee. Mtoto aliyekamilisha miezi miwili bila kuongeza uzito anahitaji kuchunguzwa upya: je, dawa inaingia yote, je, anapata chakula cha kutosha, je, amepimwa Virusi vya Ukimwi, au vimelea alivyonavyo havisikii dawa hizi? Mkoani Kagera, ambako ndizi ndiyo chakula kikuu cha kaya nyingi, shibe ya tumbo haimaanishi wakati wote kwamba mtoto amepata maharage, mayai, dagaa au maziwa ya kujengea mwili.

Aidha, mlezi wa mtoto anayetumia dawa za kufubaza Virusi vya Ukimwi anapaswa kumkumbusha mtaalamu jambo hilo siku ya kwanza. Rifampisini huufanya mwili uondoe baadhi ya dawa hizo haraka, na mpangilio wake hulazimika kurekebishwa na mtaalamu mwenyewe.

Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa nchini mwaka 1977, na kadi ya matibabu imekuwa nguzo ya kazi yake tangu enzi hizo. Kwa mtoto, safu muhimu katika kadi hiyo ni mbili zinazosomwa pamoja: uzito wa siku ya hudhurio na idadi ya vidonge. Mlezi ana haki ya kuziangalia zote mbili kabla hajatoka kituoni. Akiona uzito umebadilika kundi lakini vidonge vimebaki vilevile, au akaona safu ya uzito imeachwa wazi, aulize papo hapo, na mtoto apandishwe tena kwenye mizani kabla ya safari ya kurudi nyumbani kuanza.